Kamera ya gari na simu isiyotulia

Kuhamisha kipande cha video kutoka kamera ya dashibodi kwenda kwenye simu kunanichosha kuliko foleni yenyewe. Unawasha waifai ya kamera, unaichagua kwenye simu, unaweka nywila, unaambiwa umeunganishwa. Unafungua programu ya kamera: kamera haionekani. Ukirudi kwenye mipangilio, kumbe simu imeshahamia mtandao mwingine, wala haikukuaga!

Chanzo chake ni kidogo mno, ndiyo maana kinaudhi. Waifai ya kamera haina intaneti. Kazi yake ni kuunganisha vifaa viwili basi. Simu ikishajiunga hujaribu kufikia seva ya mbali, na isipojibiwa huuona mtandao huo mbovu. Hapo hurukia waifai nyingine inayoikumbuka, au hubaki palepale lakini ikapitisha maombi ya programu kwenye data ya laini, ambako kamera haipo. Kwa hiyo alama ya waifai unaweza kuiona na picha isije.

Zima data na VPN kabla ya kuunganisha, na simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. (Swali lenyewe mara nyingine hujificha kwenye arifa.) Lakini kwa nini kazi hii iwe yangu? Android inaiwezesha programu kuomba mawasiliano yake yote yapite kwenye waifai ya kamera. Waliotengeneza programu hii wangeandika mistari michache tu. Badala yake wameweka kitufe cha "Jaribu tena".