Siri ya kuvuka ufito kwa mgongo haiko hewani

"Kwa nini waruka juu wa siku hizi wote wanavuka kinyumenyume? Si ni kwa sababu kitovu cha uzito kinapita chini ya ufito?"

Hoja ya kitovu cha uzito ina ukweli wake. Kitovu hicho ni ile nukta ambayo uzito wote wa mwili unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Ukisimama wima, iko ndani yako, usawa wa nyonga au juu kidogo. Ukilala chali hewani na kupinda mgongo, inatoka nje ya mwili na kukaa chini ya kiuno. Hapo kichwa, mabega, nyonga na miguu vinaweza kupita juu ya ufito kimoja baada ya kingine, na nukta yenyewe ikapita usawa wa ufito au hata chini yake. Mtoto wa shule anayeruka kwa mtindo wa mkasi, kiwiliwili kikiwa wima, analazimika kuipandisha sentimita 20 au zaidi juu ya ufito uleule. Tofauti hiyo si ndogo.

Kwa hiyo Dick Fosbury alipovuka mita 2.24 kwa mgongo kule Mexico City mwaka 1968 na kuchukua dhahabu ya Olimpiki, maelezo yalionekana yamepatikana: amegundua namna ya kupita juu bila kwenda juu. Maelezo hayo yamerudiwa hadi yamekuwa kama jibu zima, na hapo ndipo ninapopingana nayo.

Fosbury hakuja kushindana na mkasi. Mabingwa wa wakati ule walivuka kifudifudi, tumbo likiuelekea ufito na mwili ukiuzunguka. Mwili uliojikunja hivyo nao hupitisha kitovu chake karibu sana na ufito, kwa faida ambayo haiachwi mbali na ile ya chali. Kama siri ingekuwa hiyo tu, mtindo wa kifudifudi ungekufa palepale Mexico. Haukufa. Mwaka 1972 Yuri Tarmak alishinda Olimpiki ya Munich kwa mtindo huo. Mwaka 1977 Rosemarie Ackermann akawa mwanamke wa kwanza kuvuka mita 2.00, naye alivuka kifudifudi. Mwaka 1978, miaka kumi kamili baada ya Fosbury, kijana Vladimir Yashchenko aliweka rekodi ya dunia ya mita 2.34 akiwa kifudifudi vilevile. Tena, wataalamu wa mwendo wa mwili wanapopima miruko ya mabingwa wa leo kwa kamera, mara nyingi hukuta kitovu cha uzito kimepita sentimita kadhaa juu ya ufito. Kupita chini kunawezekana, lakini wanaoweka rekodi hawategemei hilo.

Tuangalie basi urefu unatoka wapi. Mguu ukishaachana na ardhi, njia ya kitovu cha uzito imekwisha kuamuliwa, na mrukaji hawezi kuibadili hata angejipinda vipi. Kilichobaki ni kuvipanga viungo kuizunguka njia hiyo. Chukua mwanamume wa mita 1.93. Anapoachana na ardhi, mikono na goti vikiwa vimeinuliwa, kitovu chake kiko karibu mita 1.37 kutoka chini. Akipaa kwa kasi ya wima ya mita 4.5 kwa sekunde, atakipandisha mita 1.03 zaidi, kwa hiyo kilele chake ni mita 2.40.

Sasa mwongezee kasi ya wima kidogo tu, kutoka 4.5 hadi 4.6. Kilele kinapanda kwa karibu sentimita 5. Kwenye mchezo ambao rekodi husogezwa sentimita moja moja, hiyo ni pengo kubwa kuliko lile linalotenganisha rekodi ya Yashchenko ya 1978 na kadhaa za kwanza zilizokuja baada yake. Mpindo wa mgongo ulioboreshwa kwa miezi ya mazoezi huenda ukamwokolea mtu sentimita mbili au tatu. Sehemu moja ya kumi ya mita kwa sekunde, iliyopatikana ndani ya mguso mmoja wa mguu, inampa zaidi ya hapo. Mimi ningeipigania hiyo kwanza.

Kasi hiyo huzaliwa kwenye mkunjo wa mbio. Anayeruka kwa mgongo huanza moja kwa moja, kisha hatua nne au tano za mwisho anakata kona kama herufi J. Akikimbia mita 7.5 kwa sekunde kwenye kona yenye nusu kipenyo ya mita 10, mwili unalala kuelekea ndani ya kona, yaani mbali na ufito, kwa takriban nyuzi 30. Kulala huko peke yake kunashusha kitovu cha uzito kwa karibu sentimita 13. Anayekimbia moja kwa moja hupata mshuko huo kwa kukunja magoti tu, na magoti yakikunjwa sana mbio hupungua. Wa kwenye kona anashuka na bado anakimbia.

Halafu anakanyaga kwa mguu ulio mbali na ufito. Mguso huo hudumu chini ya moja ya tano ya sekunde. Ndani yake mwili unatoka kwenye kulala hadi kusimama wima, na mwendo huohuo wa kuinuka ndio unaouzungusha kuupeleka chali juu ya ufito. Kwa maneno mengine, kuvuka kwa mgongo ni matokeo ya kona. Jesús Dapena wa Chuo Kikuu cha Indiana, aliyechambua miruko kwa miaka mingi, ameieleza kwa kina kazi hii ya mkunjo wa mbio. Wa kifudifudi hukanyaga kwa mguu wa karibu na ufito na kurusha mguu mwingine ukiwa umenyooka, jambo linalotaka nguvu nyingi zaidi na mguso mrefu zaidi. Yashchenko aliyaweza hayo. Wengi hawakuyaweza, na wa mgongo hujifunza haraka.

Makosa ya uwanjani nayo yanaonyesha hivyohivyo. Mrukaji aliyeambiwa kwamba siri ni mpindo huanza kuuangukia ufito kabla mguu haujamaliza kusukuma. Mabega yanaelekea godoro mapema, kasi ya wima inapotea, na ufito unagongwa wakati bado anapanda. Mpige video kutoka upande na usimamishe picha mguu unapoachana na ardhi: kama kiwiliwili kimeshainamia ufito, kosa liko pale chini, na kumrekebisha mgongo ni kazi bure. Akiugonga kwa makalio au shavu la mguu wakati anashuka, angalia kwanza alipokanyaga, kwani huenda amekanyaga mbali mno na kilele chake kimekuja kabla ya ufito.

Upande wa pili una hoja moja ninayoikubali bila masharti. Bila mpindo, hata kona nzuri haitamtosha, kwa sababu mwili ulionyooka kama ubao utauangusha ufito kwa nyonga. Mpindo unahitajika. Lakini unatumia urefu uliokwisha kutengenezwa, hauutengenezi. Na kabla ya yote hayo kuna godoro. Anayevuka chali hutua kwa mgongo wa juu na mabega, karibu kabisa na shingo, kwa hiyo mtindo huu haukuwa na nafasi hadi magodoro manene yalipochukua mahali pa mchanga. Shule ambayo bado ina shimo la mchanga ifundishe mkasi, na mkasi huo unaweza kukimbiwa kwenye kona ileile, kwa mguu uleule wa kukanyagia.