Beta kwenye simu kuu: kuingia ni rahisi, kutoka je?

“Nina simu moja tu na ndiyo ninayofanyia kila kitu. Nikiiweka kwenye beta, yaani toleo la majaribio la mfumo wa simu, nahatarisha nini hasa?”

Zaidi ya yote, njia ya kurudi. Betri kuisha haraka, simu kupata moto, apu kujifunga ghafla, yote hayo hutokea, hasa kwenye beta za mwanzo, lakini yanavumilika na huenda apdeti inayofuata ikayaponya. Kinachouma ni kutaka kutoka halafu ukakuta mlango wenyewe unapitia kufuta simu nzima.

Chukua iPhone. Unaingia Settings > General > Software Update > Beta Updates, unachagua, unapakua, umemaliza. Tuseme ulifanya hivyo Julai, na katikati ya Agosti apu ya benki ikagoma kufunguka. Unazima Beta Updates ukidhani umerudi ulikotoka. Hujarudi. Umezuia tu beta zinazofuata. Simu itabaki na mfumo huohuo mpaka toleo rasmi litoke, kwa kawaida Septemba. Ukitaka kurudi leo hii, lazima uunganishe simu na kompyuta, ifutwe yote, iwekewe mfumo wa zamani.

Sawa, umefuta, sasa unatafuta bakapu. Hapo ndipo wengi hukwama. iCloud imekuwa ikihifadhi simu yako usiku baada ya usiku, kwa hiyo bakapu unayoikuta ni ya Agosti, iliyotoka kwenye beta, na mfumo wa zamani hauipokei. Sababu inaeleweka: mfumo mpya ukishawashwa hupanga upya namna data inavyohifadhiwa, na ule wa zamani haujui kusoma mpangilio huo. Picha ulizosawazisha na iCloud zitarudi, namba za watu pia. Data iliyokuwa ndani ya simu peke yake hairudi, na mbaya kuliko zote ni misimbo ya apu ya uthibitisho kama hukuisawazisha popote, maana bila hiyo unafungiwa nje ya akaunti zako nyingine.

Kinga yake ni kazi ya jioni moja kabla ya kuingia. Hifadhi simu kwenye kompyuta, weka alama kwenye kisanduku cha kufunga bakapu kwa nywila ili nywila zako na data za afya ziingie humo, kisha fungua Manage Backups na uchague Archive. Bakapu iliyowekwa hivyo haifutwi na zinazofuata. Hata hivyo ni picha ya simu yako ya siku ile. Ukirudi Agosti, ya wiki zilizopita katikati hayamo. Na kama una saa ya Apple, iache nje ya beta kabisa, kwa sababu ukishaipandisha huwezi kuishusha mwenyewe.

Pixel, simu ya Google, nayo hufuta ukijitoa katikati: unaletewa apdeti ya kukushusha, na ukiisakinisha data yote inakwenda. Ila huko kuna njia ya kutoka salama. Jitoe, iache apdeti hiyo bila kuigusa, kisha subiri toleo rasmi lije na ulisakinishe, hakuna kinachofutwa. Angalia tu jina la apdeti kabla ya kubonyeza. Beta ya awamu inayofuata huweza kufika hata kabla ya toleo rasmi la awamu uliyomo, na ukiipokea kwa mazoea umeingia mzunguko mwingine wa miezi.

Faida nazo ni za kweli, na sitaki kuzipunguza. Mfikirie mtu asiyeona anayetumia kutwa VoiceOver, kisomaji cha skrini cha iPhone. Kitufe kikikosa kusomwa kwenye beta ya Julai naye akaripoti kupitia apu ya Feedback, kuna muda wa kukirekebisha. Asiporipoti mtu kama yeye, hitilafu inaweza kuwafikia wenzake wote Septemba. Watengenezaji wa mfumo hawawezi kuiga kila namna watu wanavyotumia simu, na simu ya akiba iliyolala mezani haionyeshi yanayotokea kwenye simu inayopigiwa, inayolipia na kuongoza njia siku nzima. Ripoti bora hutoka kwenye simu kuu.

Ndiyo maana uamuzi huu ni mgumu. Ripoti za mapema ndizo zenye nafasi kubwa ya kufanyiwa kazi, na miezi hiyohiyo ndiyo ya hatari zaidi kwa mwenye simu. Kwa mwenye simu moja, mimi ningesema aingie mwishoni mwa Agosti, mfumo ukiwa umetulia na toleo rasmi likiwa wiki chache mbele. Hapo akipata tatizo anaweza kulisubiri badala ya kufuta simu. Mchango wake utapungua, nakubali. Anayetaka kuingia Julai aanze na apu mbili tatu asizoweza kukaa siku bila hizo: benki, uthibitisho, ya kazini. Ajaribu kuzifungua kwenye kifaa kingine akiwa na simu yake bado nzima. Ile inayokataa kufunguka kokote isipokuwa kwenye simu hiyo inatosha kumzuia asiingie.