Namba ya bechi inaishia kwenye mkasi

Agizo la kurudisha dawa moja ya presha lilipotufikia, nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Niko kwenye duka la dawa huku Umoja, na kompyuta yetu inajua kila kitu: jina, bei, idadi iliyobaki. Nikaandika namba ya bechi iliyotajwa, yaani namba ya kundi la dawa lililotengenezwa pamoja. Kompyuta ikajibu kwamba hatujawahi kuipokea. Nikainua mkono hadi kwenye rafu, na boksi la kwanza nililoshika lilikuwa na namba ileile.

Kosa lilifanyika siku ya kupokea mzigo. Wa bodaboda alileta maboksi 12 na ankara yenye namba moja ya bechi. Aliyepokea akatazama boksi la juu, akaona namba zinalingana, akagonga mhuri. Kumbe manne ya juu yalikuwa ya bechi hiyo, na manane ya chini ya bechi nyingine kabisa, ile iliyotakiwa kurudishwa. Aliyepokea ni mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Bechi mbili zilipaswa kuingia kama mistari miwili hata kama dawa ni moja na bei ni moja.

Skana nayo hainiokoi. Baakodi ya kawaida, ile ya mistari, inasema tu hii ni dawa gani. Bechi na tarehe ya kuisha hubebwa na ule mraba wa vidoadoa, na boksi lisipokuwa nao, ni macho na kalamu.

Basi tukahesabu. Maboksi manane ya vidonge 100 ni vidonge 800. Tulipata maboksi mawili mazima na stripu nne za vidonge kumi kumi zenye namba hiyo, jumla 240. Halafu kukawa na vipande vya stripu vilivyokatwa, vidonge 16, bila namba yoyote. Namba hupigwa ukingoni mwa stripu, na ukingo ule ulikuwa umeshaondoka na mtu. Kwa hiyo tulichouza ni kati ya vidonge 544 na 560, na hatukuweza kusema zaidi ya hapo. Vile 16 tulivitia kwenye katoni ya USIUZE pamoja na vingine, maana kisichojulikana bechi yake huhesabiwa kuwa kibovu.

Kukata stripu si uvivu wa mwenye duka. Mtu ana shilingi mia, anataka vidonge vya siku tano, utamuuzia boksi? Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia watu wakizungumzia ufuatiliaji wa dawa kana kwamba mambo yote yako kiwandani na kwa muuzaji wa jumla. Huko daftari zipo. Mnyororo unakatikia kaunta, kwenye mkasi na ile bahasha ndogo tunayoandika 1x1.

Chupa ina nafuu, kwa kuwa lebo huenda nyumbani na mteja. Aprili 2024, Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya ilipoagiza bechi 329304 ya sharubati ya watoto ya Benylin iondolewe, baada ya maabara ya Nigeria kusema imekuta diethilini glikoli nyingi, mzazi aliweza kugeuza chupa akasoma mwenyewe. (Kampuni nayo ilisema vipimo vyake havikuikuta sumu hiyo.) Lakini bechi ile ilitengenezwa Mei 2021 na ilikuwa inaisha mwezi uleule wa Aprili 2024. Nyingi ya chupa hizo bila shaka zilikuwa zimeshanywewa. Aliyetaka kujua aliwauzia nani alihitaji kumbukumbu za karibu miaka mitatu.

Siku ya tatu akaja mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, na bahasha yake.

"Daktari, nimesikia kuna dawa za presha zinarudishwa. Zangu ni hizo?"

Ndani mlikuwa na vidonge sita, foili yake haina namba. Ningeweza kumwambia "hapana, mama" aende zake, na asingejua. Nikamwambia ukweli kwamba siwezi kujua, nikambadilishia bila malipo, na nikamsihi asiache kumeza hata siku moja, kwa sababu presha isiyo na dawa ingemdhuru haraka kuliko hofu yake.

"Sasa huandikangi hapa ni ya wapi?" akauliza, akigonga bahasha kwa kidole.

Sasa tunaandika. Mkasi unaanzia upande usio na namba, ili kipande cha mwisho kibaki nayo, na namba inanakiliwa kwenye bahasha na kwenye mstari wa mauzo, pamoja na simu ya mteja akikubali. Jioni foleni ikifika mlangoni tunasahau. Jana nimekuta bahasha tatu zimefungwa bila namba, na moja ina mwandiko wangu.