Simu yake iache, Ijumaa zake mwulize

"Mume wangu anafanya kazi Nakuru, mimi na watoto tuko Kisumu. Siku hizi hata nyumbani haji vizuri. Neno la siri la simu yake nalijua. Nifungue, ama nimuulize? Nikimuuliza si atafuta kila kitu?"

Atafuta, dada, kama kuna cha kufuta. Hapo wanaotetea upekuzi wana hoja: mwongo ukimuuliza kwa upole unampa nafasi ya kujipanga.

Lakini tazama unachopata ukifungua. Ujumbe wa M-Pesa: shilingi 1,500 kwa mwanamke usiyemjua, Ijumaa mbili mfululizo. Ni mpango wa kando, ni chama, au ni mama anayewauzia chakula kazini? Ujumbe hausemi. Kumuuliza nako huwezi bila kueleza ulivyoujua, na ukieleza tu, kesi inakuwa ya simu, mlalamishi ni yeye. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, na waliooana hawakutolewa humo.

Ulichokiona kwa macho yako hakikudai maelezo hayo. Kazi ni kukitenga na ulichohitimisha. "Hutujali tena" ni hitimisho. "Kila wiki unachelewa" ni mtego uliojitegea mwenyewe: atakumbuka wiki moja aliyowahi, mbishane juu ya hiyo mpaka taa zizimwe. Mimi hupima hivi: jirani aliyesimama mlangoni angeliona jambo hilo hilo? Basi sema hivi:

"Baba Brian, ulikuwa ukifika Ijumaa saa tatu usiku. Wiki tatu hizi umefika Jumamosi mchana, na simu unaingia nayo bafuni. Nimeanza kuogopa kwamba kuna mtu mwingine. Kumetokea nini?"

Kisha unyamaze. Hapa ndipo wengi wetu huharibu: tunauliza, halafu tunajijibu, "Najua ni yule wa ofisini." Sasa ana mtu wa kumkana, na zile Ijumaa zimesahaulika. Usimngojee mlangoni pia, akiwa na vumbi la safari. Jumamosi jioni, watoto wakiwa kwa nyanya yao, mnatembea kuelekea ufuo wa Dunga, ni afadhali.

Akikasirika, si ushahidi. Asiye na hatia pia hukasirika. Sikiliza kama jibu lina kitu kinachoonekana. "Zamu zimebadilika, natoka Jumamosi asubuhi" ni jambo ambalo wiki zijazo zitalithibitisha au kulikanusha, na ratiba anaweza kukuonyesha mwenyewe. "Wewe unanishuku tu" halijagusa Ijumaa hata moja. Rudia swali mara moja, uishie hapo.

Kama amewahi kukupiga, haya yote weka kando: usilianzishe mkiwa wawili ndani ya nyumba. Namba 1195, ya msaada kwa wanaodhulumiwa nyumbani, hupigwa bure. Na kipimo cha VVU hakingoji akiri chochote. Nenda Jumatatu, peke yako ikibidi.