Mzee Hajachanganyikiwa, Ni Josho Lililovunjwa

Hadithi fupi niliyowasomea rafiki zangu hapa Dodoma imezua ubishi usioisha. Ndani yake mzee mmoja wa Ipagala anamwelekeza binti aliyetoka Iringa kwa kumtajia mbuyu, mashine ya kusaga na josho la ng'ombe, na vyote vitatu havipo tena. Rafiki zangu walicheka, wakasema umri umemtupa mkono babu wa watu. Mimi niliyemtunga nasema katika kisa kile hakuna mwenye akili timamu kumzidi.

Binti kashuka stendi ya Nzuguni na karatasi ya marehemu baba yake. Si hati miliki. Ni makubaliano ya kuuziana shamba, yameandikwa kwa mkono wakati Ipagala bado ni mashamba: kaskazini korongo, magharibi josho, kusini njia ya ng'ombe, mashariki jina la jirani. Aliyewahi kununua ardhi isiyopimwa anazijua karatasi hizi. Vipimo hamna, au vipo kwa hatua za miguu, na mipaka yote ni majina.

Simu yake haimsaidii. Vibao vya mitaa na namba za nyumba vilivyowekwa mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, vinakuonyesha nyumba ya leo iko wapi. Karatasi yake inazungumzia mahali ambapo hapakuwa na nyumba.

"Shikamoo babu. Naulizia josho."

"Marahaba, mjukuu wangu. Josho! Na ng'ombe wako wako wapi?"

Akasomewa karatasi, akanyamaza kidogo, kisha akaelekeza: "Fuata barabara hii mpaka mbuyuni. Hapo achana nayo, ushuke na njia ya ng'ombe mpaka mashine. Ukipita mashine, korongo liwe kushoto kwako. Josho utalikuta mbele."

Waliocheka walisikia vitu vitatu vilivyokufa. Hawakusikia mpangilio, na mpangilio ndio wenye kazi: kipi kinatangulia, unakunja wapi, kipi kinabaki upande gani. Mbuyu ulikatwa, lakini kijiwe cha bodaboda pale bado kinaitwa Mbuyuni, na vijana wenyewe hawajui kwa nini. Njia ya ng'ombe nayo imo ndani ya mtaa. Wapimaji wa viwanja hupenda barabara iliyonyooka, kwa hiyo ukikuta moja imepinda kwenye ardhi tambarare bila sababu, jiulize ilikuwa inafuata nini. Huenda ni nyayo za mifugo. Huenda pia ni bomba la maji tu au mtu aliyekataa kubomolewa ukuta, kwa hiyo usiapie kona peke yake.

Ndiyo maana mzee kataja korongo. Korongo za huku hukauka sehemu kubwa ya mwaka, watu wakazisahau, wengine wakajenga. Mvua za Desemba zikianza, maji hurudi kwenye mkondo wake, na msingi wa ukuta ulioliwa na maji unakuambia mkondo uko wapi hata kama ni kiangazi. Hata hivyo korongo lina mipaka yake kama shahidi. Kingo hubomoka, na wachimba mchanga hulipanua, kwa hiyo litakuambia shamba lilikuwa upande gani lakini halitakuambia liliishia mita ya ngapi.

Josho lenyewe lilikuwa mfereji mrefu mwembamba wa zege, ng'ombe wanatumbukia upande mmoja kwenye dawa ya kupe na kupanda upande wa pili. Zege la namna hiyo halifutiki kirahisi. Binti aliliona kipande, kimekuwa ngazi ya duka la mama mmoja, kina mikwaruzo ya kuzuia kwato zisiteleze.

Hapo ndipo maoni yangu yalipo. Serikali za mitaa zetu zinatunza jina jipya na kuliacha la zamani lizikwe na mwenye kulijua, ilhali karatasi za watu bado zinasema josho. Ukiwa na karatasi ya aina hii, usimsubiri mzee akaitwe kwenye kesi. Mchukue mapema, nenda naye eneo lenyewe pamoja na majirani na mwenyekiti wa mtaa, muandike: palipoitwa josho leo ni mtaa huu, jirani na nyumba namba hii. Wote wasaini. Maandishi hayo si hati na hayamzuii mpimaji kufanya kazi yake, lakini yanampa pa kuanzia.

Binti anafanya hivyo. Mzee anakubali kwenda kwa sharti la bodaboda, magoti hayamruhusu, na anaweka dole gumba. Rafiki zangu sasa wanadai nimalizie, binti apate shamba la baba yake. Nimekataa. Pale kuna nyumba ya bati jekundu, ina watoto uani, na mwenye nyumba naye katoa karatasi yake.