Ramani haijui tuko watano

Mwezi wa nne binamu yangu alikuja Kisumu kutoka Mombasa na mke wake, mama mkwe na mtoto wa miaka saba, na mimi nikajipa kazi ya kuwatembeza siku moja. Usiku nikakaa na simu nikapanga: saa 3 makumbusho, kisha mawe ya Kit Mikayi, saa 7 samaki Dunga, saa 9 wanyama wa Impala Sanctuary, saa 11 boti tuone jua likizama. Nikajumlisha dakika za safari zote vile ramani ya simu ilivyosema, zikatoka kama masaa mawili hivi. Nikaona hiyo siku ina nafasi hadi ya kulala kidogo.

Wacha niwaonyeshe kipande kimoja tu, kutoka makumbusho kwenda Kit Mikayi, kwa sababu siku yote ilifia hapo. Ni kama kilomita 30 kwa barabara ya kwenda Bondo, na ramani ilisema dakika 50. Tulitoka getini saa 4:40. Tuktuk inabeba watu watatu nyuma, sisi tuko watano, kwa hivo tukangoja ya pili ipite na tukafika steji saa 4:55. Tukaingia matatu ya viti 14 iliyokuwa na abiria wanne, ukiongeza sisi ni tisa, bado watano, na makanga anaapa ati ni dakika mbili tu tunatoka. Tulitoka saa 5:20. Njiani shusha beba shusha beba, lisaa limoja zima. Tukashuka barabarani saa 6:20, na kutoka hapo mpaka kwenye mawe ni mwendo wa mguu ambao mimi peke yangu ningemaliza haraka, lakini na mama mkwe na jua la saa sita ulitula dakika 20. Saa 6:40 ndio tukasimama chini ya jiwe. Masaa mawili kamili, bana, na ramani haikudanganya hata kidogo! Yenyewe ilihesabu gari ambayo iko mlangoni, ina mafuta, haisimami, na sisi wote tuko ndani tayari.

Hapo ndipo watu wengi wanakosea, mimi nikiwa wa kwanza. Wanasema "ongeza nusu saa ya dharura" halafu wanaimwaga hiyo nusu saa mwisho wa siku. Lakini muda haupotei kwa dharura, unapotea kila mahali unapobadilisha chombo, na hiyo unaweza kuihesabu kabla hujatoka nyumbani. Siku hizi kila safari naikata vipande vinne: kutoka mlangoni mpaka kwenye chombo, kungoja chombo kiondoke, mwendo wenyewe, halafu kutoka kwenye chombo mpaka pale unapoanza kuona kitu. Ramani inakupa cha tatu peke yake. Cha kwanza na cha nne kama ni cha miguu, ujue simu inakadiria mtu anayetembea karibu kilomita 5 kwa saa bila kusimama. Ukiwa na mtoto na mzee mchana wa Kisumu weka 3. Kutoka katikati ya mji hadi Impala Sanctuary ni kama kilomita 3, simu itakuambia dakika 36 au 40, na hao wageni wangu wangetumia lisaa na wafike wamenuna.

Kungoja ndio kugumu, lakini kuna njia. Ukifika steji usimuulize makanga inatoka saa ngapi, hilo swali halina jibu. Hesabu vichwa, kisha simama pembeni dakika tano uone wanaingia wangapi. Kama ni mmoja kwa dakika tano na viti vitano viko wazi, hiyo ni dakika 25, na hapo unaamua kama unakaa ama unatafuta teksi. Pia angalia watu wanaelekea wapi saa hiyo. Asubuhi watu wanaingia mjini, kwa hivo matatu inayotoka mjini inajaa polepole. Jioni inageuka.

Kurudi nako ni hesabu nyingine kabisa, usiandike tu namba ile ile ya kwenda. Steji unangoja gari lijae, lakini barabarani unangoja gari lenye nafasi, na hapo ukubwa wa kundi ndio unaamua kila kitu. Mtu mmoja anapata kiti kwa matatu ya kwanza. Sisi tulikaa pale Kit Mikayi mpaka saa 8 (jina lenyewe ni la Kijaluo, jiwe la mke wa kwanza, na mama mkwe aliipenda hiyo hadithi sana akataka irudiwe), tukatembea hadi barabarani, halafu tukapitwa na matatu tatu. Moja ilikuwa na nafasi mbili, nyingine moja, ya tatu dere hata hakupunguza mwendo. Tungeweza kugawana lakini nani atapanda na mama mkwe? Dakika 40 zikaenda hivo. Tukapanda saa 9, mjini saa 10:05, Dunga saa 10:30.

Na samaki je? Ukichagua ngege mbichi hapo Dunga, aoshwe, akaangwe, achemshwe na nyanya na ugali usongwe, hiyo ni dakika 50 kabla hujaona sahani, na hakuna vile utaiharakisha. Tulianza kula saa 11:20. Geti za KWS, shirika la wanyamapori, mwisho ni saa 12, kwa hivo Impala ikafa bila hata kuiona, na boti tukaipata wakati jua limeshazama. Mtoto alilala kwenye tuktuk na kiatu kimoja.

Binamu akarudi mwezi wa nane na safari hii nikapanga kuanzia nyuma. Kisumu jua linazama kati ya saa 12:30 na saa 1 hivi mwaka mzima, kwa hivo boti saa 11:45. Kabla yake Impala masaa mawili, na malipo ya eCitizen nikayafanya usiku nyumbani ili tusisimame getini tukitafuta netiwaki. Kit Mikayi nikaiweka ya kwanza, saa 2 asubuhi, kwa teksi ya kwenda na kurudi, kwa sababu watu watano wakigawana bei si mbaya, na vile vipande vya kungoja vinafutika vyote. Dakika 50 za ramani nikaziandika 65. Tukiwa njiani kurudi nikampigia mama wa pale Dunga achague ngege wawili wakubwa aanze kukaanga, tukakuta moto uko chini ya sufuria na tukala saa 6:40.

Makumbusho sikuyaweka. Binamu aliposoma mpango kwa simu akauliza, "Yaani siku nzima vitu vitatu?" Nikamwambia basi lao la kurudi ni la saa 6 mchana kesho yake, wapite makumbusho asubuhi, wawe wameshatoka hapo saa 4 na nusu, na mizigo waiache kwangu kwanza kwa sababu tuktuk na masanduku inabeba watu wawili tu.