Rekodi iliyofutwa kwa makosa: kuificha au kuihamisha?

“Si uongeze tu `deleted_at` kwenye kila jedwali, kaka, yaishe? Mtu akifuta kwa makosa, unairudisha.” Aliniuliza hivyo kijana ninayefanya naye kazi, siku tulipoanza kuandika upya mfumo wa ada wa shule moja ya sekondari.

Hayaishi, na ninasema hivyo kwa sababu mfumo ule wa kwanza niliujenga hivyohivyo. Kwenye jedwali la wanafunzi niliweka safu ya `deleted_at`. Mhasibu akibonyeza “Futa”, rekodi haiondoki, inaandikiwa tarehe na saa tu, na kila ukurasa unaoorodhesha wanafunzi unaiacha nje. Huko ndiko kufuta kwa alama. Faida yake ni ya kweli: rekodi inabaki mahali pake, na kuirudisha ni sentensi moja ya SQL.

Sasa tazama kilichotokea. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandikishwa mara mbili. Rekodi ya kwanza ilikuwa na namba 0417 na malipo matatu ya shilingi 300,000 kila moja, ila jina lilikosewa herufi. Ya pili ilikuwa na jina sahihi, haina namba wala malipo. Mhasibu akafuta ile yenye jina lililokosewa, jambo ambalo mtu yeyote mwenye haraka angelifanya. Makosa mengi ya kufuta niliyoyaona yana sura hii. Mtu anafuta akiwa na nia ya kusafisha, na anaishika rekodi isiyo yenyewe.

Alipotaka kuandika 0417 kwenye rekodi iliyobaki, mfumo ukamkatalia kwamba namba hiyo inatumika. Akaitafuta, hakumwona mwenye nayo. Ukisikia malalamiko ya namna hii, jua kwamba kuna rekodi iliyofichwa ambayo bado imeshikilia namba. Hifadhidata haijui kwamba `deleted_at` maana yake ni “hayupo”. Kwake hiyo ni safu kama safu nyingine. Jioni ile nikaondoa sharti la zamani lililokataza namba kujirudia, nikaweka faharasa inayowahesabu waliopo tu:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX wanafunzi_namba_hai
ON wanafunzi (namba) WHERE deleted_at IS NULL;
```

Mhasibu akaandika namba yake, kazi ikaendelea. Kumbe nilikuwa nimefunga mlango wa kurudi.

Wiki tatu baadaye mzazi akafika na karatasi zake tatu za benki. Mfumo unamwonyesha mtoto anadaiwa ada yote. Kwenye ripoti, jumla ya makusanyo ya muhula ilisoma 48,600,000, lakini ukijumlisha mwanafunzi mmoja mmoja unapata 47,700,000. Tofauti ni 900,000 kamili, yale malipo matatu. Ripoti ya jumla ilisoma jedwali la malipo moja kwa moja. Orodha ya wanafunzi ilipitia kwa waliopo tu. Kama ningefuta kweli, ufunguo wa kigeni kati ya malipo na mwanafunzi ungepiga kelele: ama ungenikatalia kwa sababu mwanafunzi ana malipo, ama ungeyafuta malipo pamoja naye, kulingana na nilivyouagiza. Alama haimgusi mlinzi huyo. Kwa hifadhidata yale yalikuwa mabadiliko ya kawaida ya safu moja, na malipo yakabaki yakimwelekea mtu ambaye hakuna ukurasa unaomwonyesha.

Nikajaribu kurudisha kwa ile sentensi moja, nikajibiwa:

```
ERROR:  duplicate key value violates unique constraint "wanafunzi_namba_hai"
```

Na ilikuwa sahihi kukataa. Rekodi iliyobaki sasa ilikuwa na 0417 na mahudhurio ya wiki tatu. Mtoto ni mmoja, rekodi ni mbili, zote zina ukweli ndani yake. Hapo “rudisha” haikuwa na maana tena. Kilichohitajika ni kuyahamishia malipo yale matatu kwenye rekodi iliyo hai, na uamuzi huo ni wa mhasibu na mzazi wakiwa na karatasi mkononi. Programu haiwezi kuwaamulia.

Mtetezi wa alama atasema dawa ni kuweka alama kwenye malipo pia, ili mwanafunzi akifutwa, vyote vifichwe pamoja. Ni kweli ripoti zingelingana. Lakini mtoto yuleyule alikuwa na malipo ya nne, yaliyoingizwa mara mbili mwezi wa kwanza na kufutwa kwa haki. Siku ukimrudisha na kuondoa alama kwenye malipo yake yote, lile la uongo linafufuka nalo, na mzazi anaonekana amelipa 300,000 asizolipa. Ili kurudisha sawasawa ni lazima ujue ni vitu gani vilifutwa kwa mbofyo mmoja. Alama ya tarehe inasaidia kidogo: katika PostgreSQL, `now()` hutoa saa ya mwanzo wa muamala, kwa hiyo vyote vilivyofutwa katika muamala mmoja vina saa ileile. Lakini ni afadhali kila tendo la kufuta liwe na namba yake, nalo liandikwe kama tukio: nani, lini, na vitu gani.

Hapa ndipo daftari la mabadiliko linapoingia, na hapa ndipo nilipobadili msimamo. Ikiwa daftari linaandika rekodi nzima kama ilivyokuwa kabla ya kufutwa, basi huihitaji tena ndani ya jedwali kuu. Unaweza kufuta kweli, ufunguo wa kigeni ukalinda kama ulivyotakiwa, na nakala ikakaa pembeni:

```sql
CREATE FUNCTION tunza_kilichofutwa() RETURNS trigger AS $$
BEGIN
  INSERT INTO vilivyofutwa (jedwali, rekodi, nani, tukio)
  VALUES (TG_TABLE_NAME, to_jsonb(OLD),
          current_setting('app.mtumiaji', true),
          txid_current());
  RETURN OLD;
END $$ LANGUAGE plpgsql;
```

Ukiifunga kazi hii kwenye kila jedwali kwa kichochezi, iitwe baada ya kila rekodi kufutwa, hata malipo yanayofutwa kwa kumfuata mwanafunzi wao yanaandikwa, yote yakiwa na namba moja ya tukio. Lile lililofutwa kwa haki mwezi wa kwanza lina namba nyingine, haliguswi. Na hakuna tena ulizo hata moja linalohitaji kukumbuka `WHERE deleted_at IS NULL`. Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana ulizo moja lililosahau sharti hilo lilitosha kuniharibia ripoti, na mfumo wa kawaida una mamia ya maulizo.

Njia hii nayo ina gharama zake. Ya kwanza ni kurudisha kwenyewe. Inabidi umwingize mwanafunzi kwanza kisha malipo yake, la sivyo ufunguo wa kigeni unakataa. Na kama katikati umeongeza safu mpya isiyoruhusu utupu, nakala ya zamani haina safu hiyo, na `jsonb_populate_record` ikianzia kwenye rekodi tupu itaijaza NULL, kisha kuingiza kunagonga mwamba. Kwa kufuta kwa alama hili halitokei, kwa sababu rekodi iliyofichwa inabadilika pamoja na jedwali lake. Kwa mhasibu anayetaka kutendua kosa la dakika mbili zilizopita, alama ni nyepesi zaidi, na sitamkatalia.

Ya pili ni ile safu ya `nani`. Programu nyingi huingia kwenye hifadhidata kwa akaunti moja, hivyo hifadhidata haimjui aliyebonyeza, na bila hatua ya ziada safu hiyo itabaki tupu. Mwanzoni mwa kila muamala ni lazima useme nani yuko kwenye kiti:

```sql
SELECT set_config('app.mtumiaji', '17', true);
```

Lile `true` la mwisho lisisahaulike. Linafanya jina life na muamala. Ukiweka `false`, jina linabaki kwenye muunganisho, na mtumiaji anayefuata kuupokea muunganisho huo anaandikiwa makosa ya mwenzake. Daftari linalomtaja asiyehusika ni baya kuliko kukosa daftari, kwa sababu watu wataliamini. Vivyo hivyo ofisi ambayo watu watatu wanatumia nywila moja iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta: utajua lini na nini, lakini nani hutamjua.

Kuna pia mipaka ambayo njia zote mbili haziivuki. `TRUNCATE` haipiti kwenye kichochezi cha rekodi moja moja, na haijali alama. Diski ikifa, daftari linakufa na majedwali. Haja ya nakala rudufu inabaki palepale. Ila kumrudisha mtoto mmoja kutoka kwenye nakala ya jana, bila kuwapokonya wengine kazi ya leo, ni kazi ngumu.

Atlassian, kampuni ya programu, waliliona hilo kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 5 Aprili 2022 waliendesha skripti iliyokusudiwa kuondoa programu moja ya zamani kwenye tovuti za wateja. Skripti ilikuwa na namna mbili, kuweka alama ya kufuta na kufuta kabisa. Ikaendeshwa kwa namna ya pili, na orodha iliyopewa ilikuwa ya vitambulisho vya tovuti nzima badala ya vya ile programu. Wateja 775 walipotea mtandaoni ndani ya nusu saa hivi, na wa mwisho walirudishiwa baada ya takriban wiki mbili, ingawa nakala rudufu zilikuwepo, maana data zao zilikaa kwenye hifadhi zinazotumiwa pamoja na wateja wengine. Somo la kwanza waliloliandika katika ripoti yao ni kwamba kufuta kwa alama kuwe kanuni kwenye mifumo yote.

Lakini hebu tuulize kwa nini ile namna ya kufuta kabisa ilikuwepo. Ilikuwepo kwa sababu za kisheria, na sababu hizo tunazo hata sisi. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 na ile ya Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022 zote zimeweka njia ya mtu kudai taarifa zake zifutwe. Rekodi yenye alama haijafutwa. Na daftari langu la `vilivyofutwa` lina jina la mtoto, simu ya mzazi na malipo yake, vyote ndani ya JSON. Kila ulichokitunza ili kumwokoa mhasibu kinakuwa mzigo mbele ya mzazi aliyeomba mwanawe aondolewe.

Kwa mfumo mpya tuliamua hivi. Wanafunzi wana alama kwa siku 30, kwa kuwa huko ndiko mikono hukosea kila siku, na maulizo yote yanasoma mtazamo mmoja wenye sharti ndani yake badala ya jedwali lenyewe. Mwanafunzi mwenye malipo hafutiki hata kwa alama. Mfumo unampeleka mhasibu kwenye ukurasa wa kuunganisha rekodi mbili. Majedwali mengine yanafutwa kweli na kuandikwa daftarini. Ombi la kisheria lina kitufe chake, kinachohitaji watu wawili, na baada yake daftari linabaki na mstari mmoja: rekodi fulani ya jedwali fulani iliondolewa kwa ombi, tarehe hii, na mtumiaji namba 17 na 4. Safu ya `rekodi` ni tupu.